Slaidi ibebe maneno mangapi kabla msomaji hajachoka

Karibu kila anayeandaa wasilisho amewahi kusikia kanuni ya sita kwa sita: mistari 6 kwa slaidi, maneno 6 kwa mstari. Wengine hufundishwa saba kwa saba. Kanuni hizi hazisahauliki, na hilo ndilo linalozifanya zidumu. Tatizo ni kwamba zinahesabu maneno, na maneno ya Kiswahili hayahesabiki kama ya Kiingereza, lugha ambayo miongozo hiyo mingi imeandikiwa.

Chukua neno "hawajatufahamisha". Kwa hesabu ya kompyuta ni neno moja. Ndani yake kuna kukanusha, kuna watu wanaotenda, kuna wakati, kuna sisi tunaotendewa, halafu ndipo kinakuja kitenzi chenyewe. Herufi 17, silabi nane. Mwandishi wa Kiingereza angehitaji maneno matano kusema jambo hilohilo. Slaidi yenye maneno 36 ya aina hiyo inaweza kutimiza kanuni ya sita kwa sita na bado ikamtoa msomaji jasho.

Wapo pia wanaotetea namba saba kwa kumtaja mwanasaikolojia George Miller, ambaye mwaka 1956 aliandika kuhusu idadi ya vitu ambavyo mtu anaweza kuvishika akilini kwa wakati mmoja. Utafiti huo ulihusu kukumbuka mambo ambayo hayapo tena mbele yako. Maneno ya slaidi yako pale ukutani, mtu anaweza kurudi kuyatazama. Kwa hiyo swali la slaidi ni jingine: je, msomaji anapata muda wa kutosha wa kuyamaliza huku kuna mtu anazungumza?

Kipimo ni sekunde

Slaidi mpya inapotokea, macho ya watu wote huenda kwenye maandishi. Hawakusudii kumdharau mzungumzaji. Jicho lililojifunza kusoma likiona maneno husoma. Na mtu anaposoma, kuna sauti ya ndani inayoyatamka maneno hayo kichwani. Sauti hiyo ya ndani na sauti ya mzungumzaji zinagombea nafasi moja. Huwezi kusoma sentensi moja na kusikiliza sentensi nyingine kwa wakati uleule ukazielewa zote mbili, kama usivyoweza kuwafuata watu wawili wanaokusimulia visa viwili kwa pamoja. Moja itapotea, na mara nyingi inayopotea ni ile ya mzungumzaji.

Mzungumzaji anayejaribu kukwepa hilo kwa kuisoma slaidi kwa sauti huingia kwenye shida nyingine. Kusoma kimyakimya kuna kasi kuliko kutamka. Yeye akiwa mstari wa pili, hadhira imeshafika mwisho na imebaki kusubiri. Wakisubiri hivyo slaidi tatu mfululizo, ya nne hawaisomi tena, wanajua itasomwa. Hapo ndipo simu zinapotoka mifukoni.

Njia inayofanya kazi ni kuonyesha slaidi, kunyamaza, kuwaacha wasome, kisha kuzungumza. Kwa hiyo wingi wa maandishi unatokana na ukimya ambao uko tayari kuutoa. Sekunde 10 za ukimya humwonekea mzungumzaji ndefu sana, lakini aliyeketi anazipokea vizuri kwa sababu ana kazi ya kufanya. Zikizidi hapo, wenye kasi wamemaliza na wanaanza kunong'ona, wasio na kasi bado wako katikati, na chumba kimegawanyika.

Kwa Kiswahili, nakadiria maneno 2 na nusu kwa sekunde kwa mtu anayeiona slaidi kwa mara ya kwanza. Ni makadirio ya kupangia kazi, ya uangalifu kwa makusudi. Kwa sekunde 10 yanatupa maneno 25, na hilo ndilo dari ninalopendekeza kwa slaidi inayoonyeshwa huku mtu anazungumza. Humo hesabu kila kitu kinachosomeka: kichwa cha slaidi, majina ya nguzo za grafu, maelezo ya chini ya picha. Jina la mkutano na tarehe vilivyogandishwa chini ya kila slaidi watu huacha kuviona baada ya slaidi ya pili, lakini bado vinakula nafasi, kwa hiyo vibaki kwenye slaidi ya kwanza tu.

Namba hiyo usiiamini tu, ipime. Mpe slaidi mtu ambaye hajawahi kuiona, mwambie ainue uso akimaliza kusoma, na uangalie saa. Fanya hivyo kwa watu watatu, kisha uchukue muda wa aliyechelewa zaidi, kwa sababu huyo naye atakuwemo ukumbini. Usijipime mwenyewe kwa kusoma kimya. Uliyeandika huisomi slaidi, unaitambua tu, kama unavyotambua sura ya jirani bila kuikagua pua na masikio. Usipopata mtu wa kukusaidia, isome kwa kunong'ona, midomo ikicheza kila silabi. Kunong'ona hukulazimisha kwenda taratibu, na silabi zote nane za "hawajatufahamisha" zitadai muda wake.

Jicho nalo lina kikomo

Maneno yakizidi, programu huficha tatizo. Katika PowerPoint, kisanduku cha maandishi kinachokuja na slaidi mpya kimewekewa mpangilio unaoitwa `Shrink text on overflow`: unapoendelea kuandika, herufi zinapungua ukubwa zenyewe ili yote yatoshee. Unaanza na ukubwa wa 28, unamaliza mstari wa tisa ukiwa na 18 au chini ya hapo, wala hukubonyeza chochote. Ishara ya kulitambua ni rahisi: bofya ndani ya maandishi, tazama kisanduku cha ukubwa wa fonti. Ikiwa namba ni ndogo kuliko ile uliyoiweka, slaidi imekushinda na programu imekufichia. Uzime mpangilio huo kwa kubofya kisanduku kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha `Format Shape`, `Text Options`, `Text Box`, na uchague `Do not Autofit`. Kuanzia hapo maneno yaliyozidi yatamwagika nje ya kisanduku, nawe utalazimika kuyakata. Usumbufu huo ni mzuri, una faida.

Ukubwa gani basi unatosha? Jibu linategemea urefu wa skrini na umbali wa kiti cha mwisho, na hesabu yake haitishi. Slaidi pana ya PowerPoint ina kimo cha inchi 7.5, sawa na pointi 540. Herufi za ukubwa wa 24 zinachukua basi karibu asilimia 4.4 ya kimo cha slaidi. Skrini ya ukutani ikiwa na kimo cha sentimita 120, hizo ni sentimita 5.3. Mwili wa herufi ndogo kama "a" au "n" ni karibu nusu ya hapo, yaani sentimita 2.7. Kwa aliyeketi mita 9 kutoka kwenye skrini, herufi hiyo inasomeka bila kukaza macho.

Sasa punguza hadi 14. Mwili wa "a" unakuwa kama sentimita 1 na nusu, na kwa kiti kilekile cha mita 9 umekaribia kipimo ambacho madaktari wa macho hukitumia kuamua kama jicho ni zima. Mtu mwenye macho mazuri ataisoma akiikazia. Mwenye macho ya kawaida ya umri mkubwa, au aliyesahau miwani, hataisoma. Na hata mwenye macho mazuri hatakubali kupimwa macho kwa slaidi 30 mfululizo.

Kuna mtego hapa kwa wanaotumia Google Slides. Slaidi yake pana ina kimo cha inchi 5.625, sawa na pointi 405. Kwa hiyo ukubwa wa 18 kwenye Google Slides ukutani unalingana kabisa na 24 kwenye PowerPoint. Ukisoma mahali kwamba usishuke chini ya 24, uliza kwanza ni 24 ya programu ipi.

Kama hesabu hizi zinachosha, kuna jaribio la hatua chache. Gawanya umbali wa kiti cha mwisho kwa kimo cha skrini ya ukumbi: mita 9 kwa mita 1.2 ni 7 na nusu. Fungua slaidi ijaze kioo cha kompyuta yako, pima kimo chake, tuseme sentimita 20, kisha zidisha kwa 7 na nusu. Unapata mita 1 na nusu. Simama umbali huo kutoka kwenye kompyuta, usome. Unachokiona ndicho atakachokiona wa mwisho ukumbini.

Jambo moja kuhusu simu, kwa kuwa mikutano mingi sasa hufuatiliwa mkononi. Slaidi pana ikitazamwa kwenye simu iliyoshikwa wima hubaki na upana wa kama sentimita 6 na nusu na kimo kisichofika 4. Herufi zako za 24 zinakuwa na ukubwa wa milimita 1.6, yaani ndogo kuliko maandishi ya karatasi ya dawa. Ukijua sehemu ya hadhira iko kwenye simu, shuka hadi maneno 12 au 15 na upandishe ukubwa ufike 36 au 40.

Mafuta ya Kiswahili cha ofisini

Kupunguza maneno kwa Kiswahili kuna ufundi wake, kwa sababu unene wa sentensi zetu unatoka mahali maalumu. Chanzo kikubwa ni kuua kitenzi na kukigeuza jina, halafu kuazima kitenzi kingine kisicho na kazi ili sentensi isimame. "Kukagua" inakuwa "kufanya zoezi la ukaguzi". "Tulichelewa" inakuwa "kulikuwa na changamoto ya ucheleweshaji". "Tupunguze" inakuwa "tuone namna ya kuweza kufanya upunguzaji". Ukiona maneno kama zoezi, suala, hali, changamoto, mchakato au utekelezaji yakifuatiwa na "la", "ya" au "wa", tazama jina linalofuata. Karibu kila mara kuna kitenzi kimezikwa humo. Kifukue, kirudishe kwenye nafasi yake, na maneno matatu au manne yataanguka yenyewe.

Chanzo cha pili ni "amba-". Si kosa la sarufi, na mahali pengine haliepukiki, lakini kwenye slaidi mara nyingi kiambishi ndani ya kitenzi kinatosha. "Maombi ambayo yamekataliwa" ni "maombi yaliyokataliwa". "Maofisa ambao watapewa mamlaka ya kuidhinisha" ni "maofisa wa kuidhinisha".

Halafu kuna maneno ya kusindikiza: "katika kipindi cha miezi mitatu" ni "miezi 3", "jumla ya watu 40" ni "watu 40", "ili kuweza kupata" ni "kupata", na "mbalimbali" huweza kufutwa karibu popote bila mtu kuuliza limeenda wapi. Namba ziandikwe kwa tarakimu, kwa sababu jicho hulikamata 3 kabla hata ya kuanza kusoma.

Lugha yetu ina pia silaha ambayo wengi huisahau wanapoketi kuandaa slaidi, nayo ni upatanisho wa ngeli. Kama kichwa cha slaidi kinasema "Maombi", mistari ya chini inaweza kuanza moja kwa moja na "Yaliyopokelewa", "Yaliyojibiwa", "Yanayosubiri". Kiambishi "ya-" kinamrudisha msomaji kwenye maombi bila neno hilo kuandikwa tena mara tatu. Angalizo pekee ni kwamba kichwa kiwe na jina moja tu la ngeli hiyo. Ukiandika "Maombi na malipo", msomaji hatajua "yaliyochelewa" ni yapi.

Kwa kichwa cha slaidi, mwalimu wetu ni magazeti. Kichwa cha habari hutumia wakati wa "-a-": "Bei yapanda", "Walimu wapata mafunzo". Umbo hilo ni fupi kuliko "imepanda" au "wamepata", na linatoa kauli kamili yenye kitenzi, tofauti na vichwa vilivyozoeleka vya "Taarifa kuhusu..." ambavyo haviarifu chochote. Lakini kuna mahali umbo hili linateleza. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadilishi irabu ya mwisho, kwa hiyo "Wateja wasubiri siku 5" inaweza kumaanisha kwamba wateja wanasubiri, au kwamba wanaamriwa wasubiri. Kwa kitenzi cha Kibantu hakuna utata: "waenda" ni taarifa, "waende" ni agizo. Ukikutana na subiri, jibu, rudi, fahamu na wenzao, ongeza "na" uandike "wanasubiri". Silabi moja inaokoa dakika nzima ya kujibu swali.

Slaidi moja, kutoka maneno 94 hadi 21

Tuchukue slaidi ya kidhahania ya idara inayojibu wateja. Iko hivi:

> Taarifa Kuhusu Hali ya Utoaji wa Majibu kwa Wateja
>
> • Katika kipindi cha miezi mitatu iliyopita, idara ilipokea jumla ya barua pepe 1,840 kutoka kwa wateja mbalimbali.
>
> • Kumekuwepo na changamoto ya ucheleweshaji wa utoaji wa majibu ambapo wastani wa muda wa kujibu ulikuwa ni siku 5, ikilinganishwa na lengo letu la siku 2.
>
> • Sababu kubwa iliyobainika ni kwamba barua pepe zote zinazohusu marejesho ya fedha zinalazimika kusubiri idhini ya mtu mmoja.
>
> • Inapendekezwa kufanyika kwa uteuzi wa maofisa wengine wawili ambao watapewa mamlaka ya kuidhinisha marejesho.
>
> • Utekelezaji wa pendekezo hili utasaidia kuweza kupunguza muda wa kusubiri.

Maneno 94 pamoja na kichwa. Kwa kasi tuliyoikadiria ni sekunde 38 za kusoma, na ina mistari mitano tu, kwa hiyo anayehesabu mistari peke yake angesema iko sawa. Hakuna kosa la sarufi humo, na kila sentensi ni ya kweli.

Mkato wa kwanza hauondoi taarifa, unaondoa mafuta. Kichwa kinabaki vilevile kwa sasa. Mstari wa kwanza unakuwa "Miezi 3 iliyopita tulipokea barua pepe 1,840". Wa pili unarudishiwa kitenzi chake: "Tulijibu kwa wastani wa siku 5, lengo ni siku 2". Wa tatu: "Barua za marejesho zote husubiri idhini ya mtu mmoja". Hiyo "hu-" ya mazoea imemeza "zinalazimika" nzima, kwa sababu inasema ndivyo ilivyo kila siku. Wa nne: "Tuteue maofisa wengine 2 wa kuidhinisha marejesho". Wa tano unafutwa wote. Kama sababu ni foleni ya idhini na tunaongeza waidhinishaji, hakuna asiyeona kwamba foleni itapungua. Tumefika maneno 42, chini ya nusu, na msomaji hajapoteza chochote ila sentensi aliyokwisha kuijua.

Wengi huishia hapo, na sekunde 17 bado ni nyingi. Mkato wa pili ni wa aina nyingine, unauliza: ikiwa watu watakumbuka sentensi moja tu ya slaidi hii, iwe ipi? Hapa jibu liko kwenye mstari wa tatu. Ucheleweshaji kila mtu anaujua, idadi ya barua haimshangazi yeyote, lakini kwamba chanzo ni saini ya mtu mmoja ndiyo habari. Basi ipande iwe kichwa, na kichwa cha zamani kiondoke. Idadi ya 1,840 inaenda kwenye noti za mzungumzaji, ataitaja kwa mdomo akiulizwa. Kinachobaki ni hiki:

> Idhini ya mtu mmoja yachelewesha majibu
>
> Lengo: siku 2
>
> Wastani wa sasa: siku 5
>
> Tuteue maofisa wengine 2 wa kuidhinisha marejesho

Maneno 21, sekunde 8 na kitu. Siku 2 na siku 5 sasa zinakaa moja juu ya nyingine na jicho linazilinganisha lenyewe, kwa hiyo "ikilinganishwa na" haina kazi tena. Kitenzi cha kichwa ni "yachelewesha", chenye irabu "a" mwishoni, hakuna atakayekisoma kama agizo. Herufi zinaweza kufika 36 bila kubanana.

Zile sentensi ndefu za mwanzo zisitupwe. Zibandike kama zilivyo kwenye sehemu ya `Notes` chini ya slaidi. Zitamsaidia mzungumzaji, na ukichapa kwa muundo wa `Notes Pages` asiyehudhuria atapata ukurasa wenye slaidi juu na maelezo kamili chini. Faili moja linatumika kwa kazi mbili, bila slaidi ya ukutani kulazimishwa iwe ripoti.

Neno ambalo halikatwi

Katika slaidi hiyo niliacha "wastani" kwa makusudi, ingawa "Sasa: siku 5" ingeokoa maneno mawili. Ukilitoa, umedai kwamba kila mteja hujibiwa siku ya tano. Pengine wengi hujibiwa siku ya pili na wachache husubiri wiki mbili, na kwa kweli ndivyo foleni ya idhini ingefanya, kwa kuwa inagusa barua za marejesho peke yake. Neno moja lilikuwa limeubeba ukweli huo. Maneno kama "wastani", "hadi", "angalau", "takribani", vipimo vinavyofuata namba na alama yoyote ya kukanusha yanaonekana madogo na ndiyo kalamu inayokata huyaendea kwanza. Kabla ya kufuta neno, jiulize kama mtu anayeijua kazi hiyo angekuinulia mkono kwamba sasa sentensi si kweli. Kama angeinua, liache, ukate kwingine.

Mfano mzito wa maneno kuzidi na jambo kuu kuzama uko kwenye kumbukumbu za umma. Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga cha Columbia kiliporushwa, kipande cha povu la kukinga joto kilichomoka kwenye tangi na kugonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliandaa slaidi kuwaeleza wakuu wao ukubwa wa hatari. Bodi iliyochunguza ajali ilichapisha mojawapo ya slaidi hizo katika ripoti yake ya Agosti 2003, pamoja na uchambuzi wa Edward Tufte, mtaalamu wa uwasilishaji wa data. Kichwa chake kirefu kilielekea kutuliza: data za majaribio zinaonyesha kwamba makadirio yamechukua tahadhari. Chini yake yalifuata maandishi zaidi ya maneno 100 yaliyopangwa kwa ngazi nyingi za vitone, herufi zikipungua ngazi kwa ngazi. Neno lenye maana ya "kikubwa" au "cha kutosha kujali" lilirudiwa mara tano bila kuambatanishwa na kipimo.

Kipimo chenyewe kilikuwa kwenye mstari wa mwisho kabisa. Povu lilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, ilhali majaribio yaliyotegemewa yalitumia kipande cha inchi za ujazo 3. Kwa vipimo tulivyozoea, moja ni zaidi ya lita 31, jingine ni mililita 49. Aliyeanza kusoma kutoka juu alikutana na utulivu kwanza, kisha vitone, na kama angechoka katikati, kama wasomaji wanavyochoka, asingefika kwenye namba hizo mbili. Tarehe 1 Februari Columbia ilivunjika ikirudi duniani, na wote saba waliokuwamo wakafa.

Hakuna anayeweza kusema slaidi peke yake ndiyo iliyowaua. Ripoti hiyo ilitaja sababu nyingi. Lakini slaidi ile ingeweza kukatwa kwa njia ileile ya barua za marejesho, kwa kuutafuta mstari wenye habari na kuupandisha juu. Maneno manane, sekunde tatu na kitu: "Povu lililogonga bawa ni mara 640 ya lililojaribiwa".